Kazi iliyoandikwa saa tatu usiku inapoamka saa sita

*"Tuna hoteli ndogo hapa Arusha. Kila usiku saa sita kamili mfumo wa mapokezi unaganda kama dakika kumi, kisha unarudi wenyewe. Ndiyo saa wageni wa ndege za usiku wanapofika kutoka KIA, tunabaki kuwaandika kwenye daftari. Imeanza Februari, tulipohamisha mfumo kutoka kompyuta ya ofisini kwenda seva ya kukodi, na hadi leo Juni haijabadilika. Fundi wetu amekagua kazi za usiku zilizopangwa, hakuna hata moja ya saa sita. Iliyopo ni nakala rudufu ya saa tatu usiku. Mmoja anasema ni mtandao, mwingine anasema saa ya seva imeharibika, tuisogeze mbele. Nianzie wapi?"*

Anzia kwenye hiyo nakala rudufu ya saa tatu usiku. Kwa maelezo yako, nina shaka kubwa kwamba ndiyo inayougandisha mfumo, na kwamba haifanyiki saa tatu usiku ya Arusha. Inafanyika saa tatu usiku ya UTC, saa ya kimataifa ambayo kompyuta huitumia kama kipimo, na wakati huo sisi huku ni saa sita. Seva yako sijaiona, kwa hiyo nitakueleza jinsi ya kuthibitisha kabla hujagusa kitu.

Kwanza, tafadhali msisogeze saa ya seva. Haijaharibika. Ndani yake mashine huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, na hesabu hiyo ni ile ile iwe seva ipo Arusha au Ulaya. Ukanda wa saa ni kanuni tu ya kuigeuza hesabu hiyo iwe saa inayosomeka na binadamu. Ukiisukuma saa yenyewe mbele kwa saa tatu, utakuwa umeidanganya mashine kuhusu wakati halisi: namba za siri za kutumia mara moja zitakataliwa, vyeti vya usalama vya tovuti vinaweza kuonekana vimekwisha muda, na malipo yatapata mihuri ya wakati ambao bado haujafika. Kisha huduma ya kulinganisha saa itairudisha ilipokuwa, nanyi mtabaki na kumbukumbu zilizoruka mbele na kurudi nyuma.

Mtandao nao nauondoa kwenye orodha. Mtandao mbovu hukatika ovyo, leo jioni, kesho alfajiri. Kitu kinachotokea saa ile ile kamili kila usiku kwa miezi kimepangwa na mtu. Hata muda wenyewe unatuambia jambo. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Kama seva yenu ingefuata saa za London, kwa mfano, tatizo lingekuwa saa sita usiku mwezi Februari na lingehamia saa tano usiku kuanzia Aprili. Wewe unasema halijasogea. Tanzania haibadilishi saa, UTC pia haibadiliki, na tofauti yake na sisi ni saa tatu mwaka mzima. Ndiyo maana nafikiria UTC, ambayo pia ndiyo mpangilio wa kawaida wa seva nyingi za kukodi.

Sasa tuone jinsi kazi ya saa tatu inavyoamka saa sita. Kwenye seva za Linux, kazi za ratiba mara nyingi huendeshwa na programu inayoitwa `cron`. Kila dakika huamka, hutazama saa kwa ukanda uliowekwa kwenye mashine, na kulinganisha na orodha yake. Mstari wa orodha hiyo huwa hivi:

```
0 21 * * * /opt/nakala/chukua.sh
```

Sifuri ni dakika, 21 ni saa. Hakuna mahali palipoandikwa 21 ya wapi. Kompyuta yenu ya ofisini iliwekwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo 21 ilikuwa saa tatu usiku ya hapa. Mstari ukanakiliwa herufi kwa herufi kwenda seva ya UTC, na hapo 21 ikawa saa sita usiku yetu. Fundi wako amekagua vizuri kabisa. Alichokisoma ni kweli kimeandikwa 21, ila orodha haimwambii inahesabu kwa saa gani.

Kisa cha namna hii nilikifuatilia Moshi, kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo. Nitakieleza kwa hatua, kwa sababu hatua hizo hizo ndizo utakazozifuata. Wanachama walikuwa wakitoa na kuweka fedha kwa simu hata usiku. Ikifika saa sita, kwa dakika kumi na moja hivi, simu zilijibu kwamba huduma haipatikani, na kazi ya kufunga siku, ambayo programu yenyewe ilikuwa imepangiwa saa sita kwa saa zetu, ilishindwa nusu ya njia. Asubuhi mhasibu alikuta siku haijafungwa. Kila mtu aliamini kosa ni la kazi ya kufunga siku, maana ndiyo pekee iliyojulikana kufanyika saa hiyo, na ilikuwa imeandikwa upya mara zaidi ya moja bila mafanikio.

Jambo la kwanza nililotazama lilikuwa sekunde. Kumbukumbu za programu zilionyesha maombi yanaanza kupanga foleni saa 00:00:02, usiku baada ya usiku, bila kupishana zaidi ya sekunde moja au mbili. Mzigo wa watu hauji hivyo, hupanda na kushuka taratibu. Kitu kinachoanza sekunde ya kwanza au ya pili ya dakika kamili kimeamshwa na ratiba.

Jambo la pili lilikuwa kukaa macho na kuitazama kanzidata ikiwa imeganda, maana baada ya dakika hizo ushahidi huondoka. Kanzidata yao ilikuwa MySQL, na amri ya kuona nani anafanya nini humo ni hii:

```
SHOW FULL PROCESSLIST;
```

Kulikuwa na msururu wa maombi ya wanachama, yote yameandikwa `Waiting for table metadata lock`. Maana yake kila ombi lilitaka kuandika kwenye jedwali ambalo mwingine amelifunga. Kazi ya kufunga siku ilikuwa humo humo kwenye foleni, imesubirishwa kama wengine, kwa hiyo haikuwa mkosaji. Na kulikuwa na muunganisho mmoja tu uliokuwa ukifanya kazi kwa raha, ombi lake likianza na `SELECT /*!40001 SQL_NO_CACHE */ * FROM`. Maandishi hayo ni alama ya `mysqldump`, programu ya kuchukua nakala rudufu. Isipoelekezwa vingine, hufunga majedwali yote ya kanzidata inayoinakili: wengine wanaweza kusoma, lakini hakuna anayeandika hadi imalize.

Hapo mkurugenzi akaniambia maneno yale yale unayoniambia wewe, kwamba nakala huchukuliwa saa tatu usiku na imekwisha kabla ya saa nne. Nikafungua kumbukumbu za seva na kuziweka kando ya zile za programu. Za programu zilisema foleni imeanza 00:00:02 ya tarehe 5. Za seva zilisema `cron` imeamsha nakala 21:00:01 ya tarehe 4. Ukizisoma kama zilivyo, kati yake kuna saa tatu, na ndivyo watu walivyokuwa wakizisoma. Kumbe ni sekunde moja tu. Programu ilikuwa imewekewa saa za Dar es Salaam kwenye mpangilio wake, seva ilikuwa UTC, na hakuna faili lililosema linatumia saa ipi. Waliokuwa wakitafuta tukio la 00:00 kwenye kumbukumbu za seva wasingeweza kulipata, na waliolipita tukio la 21:00 waliliona halihusiki.

Kwa upande wako, hilo ndilo la kulithibitisha leo, na halihitaji kukesha. Mwombe fundi aandike amri hizi kwenye seva:

```
date +"%F %T %z"
timedatectl
```

Tazama mwisho wa jibu la kwanza. Ikiwa ni `+0000`, seva ipo UTC. Ikiwa ni `+0300`, ipo kwenye saa zetu. Nasisitiza alama hiyo yenye tarakimu kwa sababu jina la ukanda linaweza kudanganya. Kuna mafundi huandika `TZ=EAT` wakiamini wameweka saa za Afrika Mashariki. Linux haina ukanda wenye jina hilo, na badala ya kulalamika huonyesha saa ya UTC na kuibandika neno EAT. Unasoma EAT, unaridhika, na saa ni ya UTC. Jina sahihi kwetu ni `Africa/Dar_es_Salaam`.

Mkikuta `+0300`, msiitupe dhana yetu haraka. Inawezekana mtu aliubadilisha ukanda baadaye lakini hakuiwasha `cron` upya, nayo huendelea kutumia ukanda iliousoma ilipoanza. Inawezekana pia mfumo wenu unaendeshwa ndani ya kontena la Docker, lenye mpangilio wake uliotengwa na wa seva, na humo ndani mara nyingi ni UTC hata kama seva ya nje ipo kwenye saa zetu. Amri ya `date` iendeshwe ndani ya kontena lenyewe. Tena orodha haipo mahali pamoja. Kila mtumiaji wa seva anaweza kuwa na yake, nyingine zipo `/etc/cron.d`, na nyingine huonekana kwa `systemctl list-timers`.

Hata hivyo, kukuta UTC bado si uthibitisho kwamba nakala ndiyo inayogandisha. Kule Moshi nilifanya jaribio ambalo nakushauri usiliruke: niliisogeza kazi ya nakala kwa dakika ishirini, kutoka `0 21` kwenda `20 21`, bila kugusa kingine. Usiku uliofuata saa sita ikapita kimya, siku ikafungwa vizuri, na mfumo ukaganda saa sita na dakika ishirini. Kosa linapomfuata mtuhumiwa aendako, mabishano yanakwisha. Lisipomfuata, mmeokoa muda wa kurekebisha kisichohusika. Kwenu lifanyeni usiku ambao mapokezi wamejulishwa, na chagueni dakika ambayo hamtarajii wageni.

Msizime nakala rudufu ili mlale salama. Najua kishawishi hicho ni kikubwa, kwa sababu ukiizima mfumo hautaganda tena na kila mtu atafurahi, mpaka siku diski itakapokufa na kumbukumbu za wageni na malipo ya miezi yote zikaenda nayo.

Likithibitishwa, kuna njia tatu, na hazilingani. Ya kwanza ni kubadilisha tarakimu. Kwa hoteli inayopokea wageni wa usiku ningeipeleka nakala saa kumi alfajiri, ambayo kwa UTC ni 01:00, basi mstari unakuwa `0 1 * * *`, na juu yake maelezo kwamba saa hizi ni UTC. Kwa kuwa tofauti yetu na UTC haibadiliki, itafanya kazi miaka yote. Udhaifu wake ni kwamba atakayehamisha mfumo tena atanakili mstari na kuacha maelezo, na mtarudi hapa hapa.

Ya pili ni kubadilisha ukanda wa seva nzima kwa amri moja. Inavutia, nami siipendi kwa mfumo ambao tayari una kumbukumbu za miezi kadhaa. Kila kazi nyingine ya ratiba itahama kwa saa tatu kwa pamoja, zikiwemo zile ambazo mtu alikwisha kuzirekebisha kwa mkono. Kanzidata ni hatari zaidi. MySQL iliyowekwa kufuata saa ya mashine husoma ukanda inapoanza tu, kwa hiyo leo hutaona kitu, na siku itakapowashwa upya saa itaruka. Nguzo za aina ya `TIMESTAMP` zitaonyeshwa kwa saa mpya, za aina ya `DATETIME` zitabaki na saa za zamani, na kwenye jedwali moja utakuwa na saa mbili zisizotofautishwa na chochote.

Ya tatu ndiyo niliyoichagua Moshi na ndiyo ninayokushauri: kuandika ukanda ndani ya ratiba yenyewe. Kwa seva zenye `systemd` inafanyika hivi:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 04:00:00 Africa/Dar_es_Salaam
Persistent=true
```

Sasa saa imeandikwa pamoja na mahali pake, na hata mkihamia seva ya nchi nyingine itabaki saa kumi alfajiri ya Arusha. Kabla ya kuiwasha, fundi aipime kwa `systemd-analyze calendar`, ambayo humwonyesha itaamka lini kwa saa ya seva. Kisha aufute mstari wa zamani wa `cron`, la sivyo nakala itachukuliwa mara mbili. Kuna watakaokwambia inatosha kuandika `CRON_TZ` juu ya orodha ya `cron`. Hiyo inafanya kazi kwenye Linux za familia ya Red Hat, lakini `cron` ya kawaida ya Debian na Ubuntu haiijali wala haitoi onyo, kwa hiyo mtaona mmesahihisha na kazi itaendelea kuamka saa ile ile.

Kusogeza saa peke yake, hata hivyo, ni nusu ya tiba. Nakala itaendelea kufunga majedwali kwa dakika kumi, na kadiri kumbukumbu zinavyoongezeka zitakuwa kumi na tano, kisha ishirini. Kwenye kompyuta ya ofisini huenda ilikuwa ikifunga vile vile saa tatu usiku, wakati wageni wapo kwenye chakula na hakuna anayesajiliwa. Kama kanzidata yenu ni MySQL na majedwali ni ya aina ya InnoDB, fundi aongeze `--single-transaction` kwenye amri ya `mysqldump`. Itachukua picha ya data kama ilivyokuwa ilipoanza, na wengine wataendelea kuandika. Majedwali ya aina ya MyISAM hayanufaiki nayo, kwa hiyo aina ijulikane kwanza. Na kama kazi yenu ya kufunga siku husafisha jedwali kwa `TRUNCATE` au kubadilisha muundo wake, isikutane na nakala, kwa sababu hiyo bado inaweza kusubiri, au nakala yenyewe ikashindwa.

Kuna dalili nyingine ambayo haigandishi chochote, ndiyo maana haijakufikia. Kati ya saa sita na saa tisa usiku yetu, UTC bado ipo jana. Ripoti inayoiuliza kanzidata "leo ni tarehe ngapi" kwa `CURDATE()` ndani ya saa hizo tatu inaweza kujibiwa tarehe ya jana. Kule Moshi ripoti ya makusanyo ilikuwa ikisukuma miamala ya usiku kwenye siku iliyotangulia, na mhasibu alikuwa akiisawazisha kwa mkono bila kujua chanzo. Kwako, chukua mgeni aliyesajiliwa saa saba na nusu usiku baada ya Februari, ulinganishe tarehe yake kwenye daftari la mapokezi na ile ya kwenye mfumo. Zikipishana siku moja, kuna wageni wanaohesabiwa usiku mmoja zaidi au pungufu, na hilo linagusa ankara na kodi.

Mkikuta hilo, msisahihishe tarehe wenyewe kwenye kanzidata. Hapo tafuteni mhandisi wa kanzidata aje akae nanyi pamoja na mhasibu, kwa sababu kila jedwali linahitaji kujulikana lilikuwa likiandika kwa saa ipi kabla halijaguswa, na nakala rudufu ijaribiwe kurejeshwa kwenye mashine nyingine kwanza. Mwiteni pia kama kuganda hakukuifuata nakala mlipoisogeza, au kama mfumo ni wa kampuni iliyowauzia na fundi wenu hana ruhusa ya kuingia kwenye seva. Kwa kampuni, msiandike tu kwamba mfumo unaganda. Wapelekeeni jibu la `date +"%F %T %z"`, mstari wa ratiba ya nakala, na saa kamili hadi sekunde ambapo mapokezi waliona umeganda, mkiandika `+0300` kando ya saa hiyo.